Mauzo yamepanda, faida imeshuka: kuchambua faida ya mtaji hatua kwa hatua

Mwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho huku Mikindani alinipa mafaili yake, hukumu akiwa nayo tayari: "Mhasibu, wabanguaji wananiibia." Mauzo yalikuwa yamepanda kutoka shilingi milioni 350 hadi 420, lakini faida baada ya kodi ilishuka kutoka milioni 28 hadi 21. Nikamwomba anipe siku mbili kabla hajamfukuza mtu. Hesabu yenyewe ni hii. Namba nimezizungusha ili zifuatike.

Hatua ya 1: Tafuta namba nne

Mauzo na faida baada ya kodi zimo kwenye taarifa ya mapato. Jumla ya mali na mtaji wa mwenye kampuni (mali ukitoa madeni yote) zimo kwenye mizania.

Mali na mtaji chukua wastani wa mwaka, usichukue siku moja. Kwenye korosho wengi hukosea hapa. Minada huanza Oktoba, kwa hiyo tarehe 31 Desemba ghala limejaa hadi mlangoni, na kufika Septemba watoto wanaweza kuchezea mpira humo ndani. Ukijumlisha Desemba mbili na kugawa kwa mbili, umepata wastani wa vilele viwili tu. Mimi hutumia salio la mwisho wa kila mwezi.

Kwake mali zilikuwa milioni 175, zikawa 300. Mtaji ulikuwa milioni 100, ukawa 120.

Hatua ya 2: Gawanya mara tatu

Faida kwa mauzo hupatikana ukigawa faida kwa mauzo yote. Mzunguko wa mali ni mauzo kwa mali. Uzito wa mikopo ni mali kwa mtaji: kadiri namba hii inavyokuwa kubwa, ndivyo mali nyingi zinavyobebwa na fedha za watu wengine. Zidisha zote tatu na utapata faida ya mtaji, yaani faida baada ya kodi ikigawanywa kwa mtaji wa mwenye kampuni. Njia hii huitwa DuPont, kwa jina la kampuni ya Marekani ilikoanzia miaka ya 1910.

```
Mwaka 1:  8% x 2.0 x 1.75 = 28%
Mwaka 2:  5% x 1.4 x 2.50 = 17.5%
```

Hatua ya 3: Shuku jibu la haraka

Tazama vipande viwili vya mwisho. 2.0 mara 1.75 ni 3.5, na 1.4 mara 2.5 ni 3.5 vilevile. Mzunguko umeanguka, mikopo ikapanda kuliziba pengo, na ukitazama juujuu utasema tatizo lote liko kwenye faida kwa mauzo. Mzee alipoiona ile 8% ikiwa 5% akagonga meza: "Si nilikwambia?"

Lakini vipande hivi vitatu ni ndugu, mmoja akiugua mwingine hukohoa. Mkopo una riba, na riba hukatwa kabla ya kufika kwenye faida ya mwisho. Kwa hiyo rudi nyuma uitafute faida kabla ya riba na kodi. Mwaka wa kwanza ilikuwa milioni 44, sawa na 12.6% ya mauzo. Mwaka wa pili ilikuwa milioni 50, sawa na 11.9%. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimeyumba kidogo tu. Kilichoruka ni riba, kutoka milioni 4 hadi 20.

Jaribu kuirudisha riba kwenye milioni 4: 50 kutoa 4 ni 46, toa kodi ya 30%, inabaki 32.2. Gawa kwa 420 upate karibu 7.7%. Kumbe katika pointi tatu zilizopotea, karibu 2.7 zimekwenda benki.

Hatua ya 4: Fuata mali zilikovimbia

Mali ziliongezeka milioni 125. Nikapitia mstari kwa mstari: mashine milioni 10, wateja wanaodaiwa milioni 20, na korosho ghafi milioni 95. Mzee alihofia bei ya msimu unaofuata, akanunua kwa mkopo korosho nyingi kuliko uwezo wa mashine zake kubangua. Tukaenda ghalani pamoja. Nyuma kabisa, chini ya rundo, yalikuwapo magunia ya msimu uliopita.

Hatua ya 5: Kilichobaki nacho kikague

Ile 12.6% iliyoshuka hadi 11.9% nayo ina sababu. Kama kuna wizi, utaonekana kwenye uzito: kilo 100 za ghafi zinatoa kilo ngapi za korosho iliyobanguliwa? Daftari lake lilionyesha 22 miaka yote miwili. Kilichobadilika ni mgawanyo, kwani nzima zimepungua na vipande vimeongezeka, na vipande huuzwa bei ya chini. Nikauliza vipande vimeanza kuongezeka lini. Msimamizi akafunua kurasa, akaweka kidole kwenye wiki walipoanza kufungua yale magunia ya zamani.