Somo: Posti ya "tumefika elfu kumi" isiyoomba sifa

Wiki hii nimeulizwa inboksi mara nne namna ya kuandika posti ya kushukuru wafuasi namba ikifika, naliweka hapa liishe.

1. Subiri namba itulie. Wapo wanaotoka usiku huohuo, na Instagram hufuta akaunti feki. Desemba 2014 ilifuta nyingi hadi mastaa wakapungukiwa wafuasi kwa mamilioni. Mimi huposti ikivuka kwa kama hamsini.

2. Taja namba mara moja, mwanzoni.

3. Hapa ndipo nilipoboronga. Kwenye 5,000 niliandika: "Sijui hata mmeona nini kwangu, mimi mpishi wa kawaida tu." Nikadhani ni unyenyekevu. Komenti zikamiminika: "unastahili dada", "usijishushe". Hakuna hata mmoja aliyeuliza upishi. Nilikuwa nimewapa watu kazi ya kunibembeleza, kisha nikashinda siku nzima nikijibu asante.

Sasa kila sentensi najiuliza: msomaji atajibu nini? Kama hana la kusema ila kunisifu au kunikatalia, naifuta. Angalia sana "bado najifunza" na "mara nyingi nilitaka kuacha". Zinaonekana hazina neno, kumbe ndizo zenyewe. Badala yake taja walichofanya wao. Ya 10,000 ilikuwa hivi:

"Tumefika 10,000. Mwaka jana vitumbua vyangu vilikuwa vinashika chumani, mpaka mmoja wenu akaniambia nitie mafuta chuma kikishapata moto, si kabla. Mwingine aliuliza mara tatu kwa nini sitoi vipimo kwa vikombe. Sasa natoa. Asanteni. Kesho mkate wa kumimina."

Ukitaka kumtaja mtu kwa jina, muombe ruhusa kwanza.

4. Picha iwe ya kazi yako, si skrinshoti ya namba.

5. Malizia na kinachofuata. Usiulize "mnapenda nini kwangu?"

MASWALI

— Dada nina 1,000, nitungie basi.
— Soma namba 3. Mimi nitajuaje wafuasi wako wamekufanyia nini?

— Kwani kusifiwa kuna ubaya gani? Acha roho mbaya.
— Wakikusifu, shukuru. Nimesema usiwasukume. Sijasema zaidi ya hapo.

— Nauza mitandio. Wateja wangu hawaandiki kitu, wananunua kimya kimya. Niwashukuru kwa lipi?
— Hili swali zuri. Fungua daftari la oda. Rangi gani iliisha mapema ukalazimika kuongeza? Nani alirudisha mtandio pindo limefumuka, ukabadilisha fundi? "Zambarau mliimaliza kwa siku mbili, nimeleta tena" ni shukrani tosha. Tazama pia posti ipi imehifadhiwa na watu wengi. Aliyehifadhi amekwambia kitu hata kama hakuandika.

— Nje ya mada: hiyo ya mafuta inafaa kwa chuma cha aluminiamu?
— Inafaa, ila moto uwe mdogo. Aluminiamu hupata moto upesi, kitumbua kinaungua chini na juu bado uji.

— Na mimi vyangu havivimbi kabisa.
— Mchele uliloweka kwa muda gani?

— Saa moja hivi.
— Loweka usiku kucha, usage asubuhi, urudi hapa.