Ndege au meli? Namna ya kuamua ukiwa na mtaji mdogo na hujui kama mali itatoka

Wengi hapa Kisumu huanza kwa kuuliza bei ya kilo kwa ndege, kisha bei ya meli, wanaona meli ni rahisi, wanalipa. Hesabu hiyo inafaa kwa mtu anayejua mali yake itauzika. Wewe hujui bado, na mtaji wako ni huo huo wa karo. Somo hili ni kwa ajili yako, na nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mikoba midogo ya begani ya akina mama kutoka Guangzhou, mtaji shilingi 120,000, dola moja kwa shilingi 130. Bei za usafirishaji hubadilika kila mara, kwa hiyo weka za wakala wako mahali pa zangu.

Hatua ya 1: Tafuta gharama ya mkoba mmoja ukiwa tayari dukani

Mwombe muuzaji vipimo vya katoni, uzito wake na idadi ya vipande ndani. Hapa tuseme katoni ina mikoba 60, ina uzito wa kilo 16.5, na vipimo vyake ni sentimita 60 kwa 50 kwa 45. Kila mkoba unauzwa dola 4, yaani shilingi 520.

Ndege haiangalii uzito pekee, inaangalia pia nafasi. Wakala atafanya hesabu hii, kisha atakutoza kwa namba iliyo kubwa kati ya jibu lake na uzito wa mizani:

```
urefu × upana × kimo (sm) ÷ 6000 = kilo za nafasi
60 × 50 × 45 ÷ 6000 = 22.5
```

Kampuni za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5000, na hapo kilo huzidi kuongezeka, kwa hiyo uliza mapema. Katoni yetu ya kilo 16.5 italipiwa kama kilo 22.5. Kwa dola 10 kwa kilo, ushuru ukiwa ndani ya bei hiyo, usafiri ni dola 225 kwa mikoba 60, karibu shilingi 488 kwa mkoba.

Meli hutoza kwa ujazo. Kwenye karatasi ya bei utaona herufi CBM, nayo ni mita moja ya ujazo. Katoni yetu ni 0.135, na kwa dola 400 kwa CBM ni dola 54, yaani shilingi 117 kwa mkoba. Ongeza shilingi 30 kwa mkoba za basi kutoka Nairobi hadi Kisumu na gharama ndogondogo. Mkoba wa meli unasimama kwa 667, wa ndege kwa 1,038. Ukiuza kwa 1,500, meli inakuachia 833 na ndege 462.

Kabla hujaendelea, mwambie muuzaji atoe makaratasi ya kujazia na kulaza mikoba. Kimo cha katoni kikishuka kutoka sentimita 45 hadi 33, kilo za nafasi zinakuwa 16.5, sawasawa na mizani. Mkoba wa ndege unashuka hadi kama 908. Nimeona watu wakibishana na wakala juu ya nusu dola huku katoni imejaa karatasi na hewa.

Hatua ya 2: Hesabu siku tangu pesa zilipotoka mkononi

Wakala akisema "siku thelathini na tano kwa meli," muulize zinaanza kuhesabiwa lini. Mara nyingi ni tangu meli ing'oe nanga. Kabla ya hapo mali imetoka kiwandani, imefika ghala lake, na imengoja kontena lijae, kwa sababu wewe una katoni tatu tu na kontena ni la watu wengi. Ikifika Mombasa kuna forodha, safari ya Nairobi, kontena kufunguliwa na mizigo kugawanywa, ndipo basi la Kisumu. Mimi hupanga siku 60 kwa meli na 17 kwa ndege, zote zikihesabiwa tangu siku ninayomlipa muuzaji.

Oda yangu ya kwanza ya meli niliipanga kwa siku 35. Niliwaahidi wateja, nikalipia kibanda cha msimu wa Krismasi, na mzigo ukafika Januari. Wakala hakunidanganya. Ni mimi niliyekosa kumuuliza swali hilo moja.

Hatua ya 3: Jaribu kwa ndege, lakini jaribu kidogo

Tuangalie kwanza kuweka pesa zote melini. Unapata katoni tatu, mikoba 180, kwa takriban 120,000. Ikipendwa, faida ni kama 150,000. Isipopendwa, tuseme umeuza 30 kwa bei kamili na 150 ukazitupa kwa 300 kila mmoja, unakusanya 90,000. Umepoteza 30,000, na miezi mitano imepita bila pesa za kujaribu kitu kingine. Hiyo miezi mitano ndiyo inayouma zaidi.

Sasa watu husikia "jaribu kwa ndege" wakaagiza katoni nzima. Katoni ya mikoba 60 isiyolazwa inagharimu 62,250. Isipopendwa, ukauza 20 kwa bei kamili na 40 kwa 300, umepoteza 20,250. Hilo si jaribio, ni hasara ile ile iliyofika mapema.

Jaribio langu ni mikoba 24 ya mitindo mitatu, minane kwa kila mtindo. Muuzaji atakutoza zaidi kwa idadi ndogo, tuseme dola 5. Mkoba uliolazwa hulipiwa gramu 275, kwa hiyo 24 ni kilo 6.6. Mali 15,600, ndege 8,580, basi na mengineyo 720, jumla 24,900. Ukiuza sita tu kwa bei kamili na 18 kwa 300, umepoteza 10,500. Ikiuzika yote, umepata 11,100. Faida si kubwa, ila lengo hapa ni kujua, na unajua ukiwa bado na shilingi 95,100 mkononi.

Jambo moja usilikosee: uza jaribio kwa bei utakayouzia mzigo wa meli. Ukiweka 1,900 kwa sababu ndege ilikula pesa, na mikoba ikakwama, hutajua kama watu wamekataa mkoba au wamekataa bei. Kubali faida ndogo kwenye hii 24.

Hatua ya 4: Soma mauzo, kisha jenga daraja

Usihesabu shangazi, rafiki wa kanisani na jirani wa duka. Hesabu watu usiowajua, hasa anayerudi kuulizia rangi nyingine. Tuseme 24 zimeisha kwa siku 12, yaani mbili kwa siku, na mtindo mmoja ndio ulioisha kwanza. Mtindo huo ndio unaoenda melini.

Lakini meli ni siku 60. Ukingoja mikono mitupu, umekosa mauzo kama 120, na jirani ameona mkoba na ameagiza wake. Kwa hiyo gawanya. Una 95,100 na 36,000 za mauzo, jumla 131,100. Agiza katoni mbili za meli, mikoba 120, kwa 80,040. Siku hiyo hiyo agiza 40 za ndege, zilizolazwa, kwa 36,300. Zinabaki kama 14,700 za dharura. Za ndege hazitatosha siku zote 60, wala hazihitaji kutosha; kazi yake ni kuwafanya wateja waendelee kukukumbuka huku zikikuachia karibu 590 kila moja.

Mawakala wengi wa mizigo ya pamoja hulipwa mzigo ukifika Nairobi. Kwa upande wa meli, kati ya zile 80,040 tenga kama 17,600 za usafiri na basi, na usiziguse. Mzigo uliofika ukakosa pesa za kuukomboa huanza kulipiwa ghala.

Usiagize 300 kwa nguvu ya siku 12 nzuri. Mkoba ni fasheni, na 120 zitakupa miezi miwili ya kuona kama kasi ni ile ile.

Maswali ya wanachama

Kakamega: *Mwalimu, mimi nataka suti za mvua za waendesha boda. Nijaribu pia kwa ndege?*

Hapana, ndugu yangu. Pima kwanza. Suti nzuri ni kama kilo moja, hivyo kwa dola 10 usafiri pekee ni 1,300. Ukiinunua kwa dola 6 imeshafika 2,080, na hapo Kakamega utaiuza 1,800. Jaribio lako lifanyie Nairobi: nunua kumi za kufanana nayo kwa jumla Kamukunji au Nyamakima, uze, usikie waendeshaji wanalalamikia nini, mshono au saizi. Kisha agiza kwa meli. Mvua za masika ni Machi hadi Mei, na viwanda vya China hufunga kwa mwaka wao mpya kati ya mwisho wa Januari na Februari. Oda ya kuuza Machi ilipwe Novemba. Ukichelewa hadi Januari, suti zitafika mvua zikikaribia kuisha.

Nakuru: *Nauza mashine za kunyolea za kuchaji. Wakala ameniambia nisiandike kwamba zina betri ili nilipe bei ya kawaida. Ni sawa dada?*

Usikubali. Betri za lithiamu zinaweza kuwaka moto angani, ndiyo maana zina masharti yake ya kufunga na bei yake. Mzigo ukipigwa picha na betri ionekane, unazuiwa huko huko, na unaweza kuzuia wa wenzako. Uliza bei halali ya mali yenye betri, iingize kwenye hesabu ya hatua ya kwanza, uone kama bado kuna faida. Betri za kuchajia simu, zile pawabenki, ni ngumu zaidi, kwa kuwa zinahesabiwa kuwa betri tupu. Hizo zipangie meli, na huko pia zitangazwe.

Kisumu, Kibuye: *Mzigo wangu wa meli una siku 70. Wakala ananiambia kila wiki "uko njiani." Nifanyeje?*

Mwombe namba ya kontena na jina la meli. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ukiiandika kwenye tovuti ya kampuni ya meli utaona kontena liko wapi. Akikutumia, utajua kama kweli uko baharini au umekwama Mombasa. Akizungukazunguka asikupe, kuna uwezekano mkubwa mzigo bado uko ghalani China unangoja kontena lijae. Hapo mdai tarehe ya kupakia kwa maandishi. Na kama kontena limezuiwa kwa sababu mwenzenu mmoja ameweka mali bandia, utangoja naye hata kama zako ni safi. Oda ijayo, kabla ya kulipa, muulize wakala anakagua vipi mizigo anayochanganya.

Nakuru, tena: *Kontena zingine hushushwa Naivasha. Si nichukulie huko, ni karibu na mimi?*

Kama kontena lote ni lako, zungumza na wakala wako wa forodha. Katoni tatu za mzigo wa pamoja hufuata kontena hadi linapofunguliwa, na kwa mawakala wengi ni ghala lao Nairobi. Weka nauli ya kutoka Nairobi kwenye hesabu.