Betri mpya, gia zinapiga teke: kuifundisha upya giaboksi ya otomatiki

Mwalimu mmoja wa skuli aliniletea gari hapa Chake Chake, RAV4 ya mwaka 2002, otomatiki ya gia nne. Betri ilikufa, akanunua nyingine, akafungiwa. Kuanzia saa ileile, gia ya kwanza ikiingia ya pili gari inapiga teke. Ikitoka ya pili kwenda ya tatu, mshale wa mizunguko unaruka juu kwanza kama gari iliyo nyutro, kisha ndiyo gia inakamata. Alikuwa ameshaambiwa giaboksi imekufa, atafute nyingine.

"Fundi, betri inaua giaboksi?"

"Haiui, Maalim. Imeisahaulisha."

Gia za otomatiki hubadilishwa na klachi zilizo ndani ya oili. Kompyuta ikitaka gia ya pili, inaifungulia solenoidi, vali ndogo ya umeme, oili inaingia kwenye chumba cha klachi, pistoni inasukuma sahani mpaka zinashikana. Lakini kabla ya sahani kugusana, oili lazima ijaze ule uwazi uliopo kwanza. Ni kama kujaza mtungi kwa kata: ukijua mtungi unachukua kata kumi, unapunguza mkono unapofika ya tisa. Gari ikiwa mpya mtungi ni mdogo. Miaka inakwenda, sahani zinalika, mipira ya kuzuia oili isivuje inakakamaa, mtungi unakuwa mkubwa.

Kompyuta inalijua hilo kwa sababu ina sensa inayosoma kasi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi na nyingine inayosoma kasi inayotoka. Kila gia inapobadilika, inapima muda uliotumika, ambao kwa kawaida haufiki sekunde moja. Ikiona mizunguko imeruka, safari ijayo inaongeza presha kidogo. Ikiona gia imekamata kwa kishindo, inapunguza. Marekebisho haya inayaandika kwenye kumbukumbu, na katika Toyota nyingi za umri huu kumbukumbu hiyo inaishi kwa umeme wa betri. Ukifungua tamino ya betri, inafutika. Kompyuta inarudi kwenye vipimo vya kiwandani, vilivyowekwa kwa ajili ya giaboksi mpya. Giaboksi ya Maalim imetembea zaidi ya miaka ishirini. Inapewa kata kumi, na mtungi wake sasa unataka kumi na tatu.

Si kila gari iko hivi. Magari mengi ya Ulaya, na Toyota kadhaa za karibuni, huhifadhi marekebisho hata betri ikifunguliwa, na hayafutiki mpaka kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Kama yako ni ya aina hiyo na gia zimeharibika baada ya betri, usianze na mwongozo huu. Tafuta kwanza betri dhaifu, waya uliolegea au fyuzi.

Hatua ya kwanza: hakikisha haitasahau tena

Shika kila tamino kwa mkono, ujaribu kuizungusha. Ikicheza hata kidogo, kaza. Huku kwetu chumvi ya bahari inakula risasi na shaba, na betri nyingi tunazofungiwa zina vichwa vyembamba kuliko tamino ya zamani, basi fundi anachomeka kipande cha bati na kuondoka. Gari ikipita tuta, umeme unakatika kwa kufumba na kufumbua. Injini haizimi kwa sababu altaneta inaendelea kuisukuma, ila kompyuta inaweza kuyumba na kupoteza ilichojifunza asubuhi yake. Nimeona gari iliyofundishwa wiki nzima bila mafanikio, kumbe kila tuta inaanza alifu. Pima na betri pia: injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, isome volti 12.4 au zaidi. Ikiwaka, baina ya 13.8 na 14.5.

Hatua ya pili: sailensi

Watu wanaruka hapa, na hapa ndipo teke nyingi zinapoanzia. Kufungua betri kunafuta pia kumbukumbu ya sailensi, yaani mizunguko ya injini hujakanyaga mafuta. Throtobodi, mlango wa hewa ya injini, ikiwa na masizi, kompyuta ilikuwa imejifunza kupitisha hewa zaidi ili kufidia. Sasa imesahau, injini inahangaika: mara iko chini inatetema, mara inapanda yenyewe. Sailensi ikiwa juu, ukiweka D lazima gari iruke. Tena kompyuta hukadiria nguvu ya injini ili ijue presha ya kuipa klachi. Makadirio ya injini yakiwa mabaya, giaboksi inafundishwa uongo.

Kwa hiyo safisha throtobodi kwanza. Kama kipepeo chake kinaendeshwa kwa umeme, usikilazimishe kwa kidole. Kisha washa gari, kila kitu kimezimwa, eyasii, taa na redio, uiache dakika kumi mpaka feni ya rejeta iwe imewaka na kuzima. Washa eyasii, dakika nyingine tano. Mwisho kanyaga breki, weka D, dakika tano. RAV4 ya Maalim ilianza kwa kushuka hadi 500 na kutetemesha usukani. Baada ya kusafishwa na zoezi hili ikatulia kwenye 700 hivi.

Hatua ya tatu: oili, ikiwa moto

Endesha kama dakika ishirini, simama pahala pa tambarare, injini ikiwaka. Breki chini, pitisha mkono wa gia taratibu kwenye kila nafasi kutoka P mpaka mwisho, urudi P. Chomoa kijiti, futa, rudisha, soma. Oili iwe ndani ya alama za HOT. Ikiwa chini, giaboksi inavuta hewa, na hewa haifundishiki. Inuse pia. Nyekundu iliyofifia si kitu; nyeusi yenye harufu ya kuungua ni habari nyingine kabisa. Gari hii hutaka oili iliyoandikwa Type T-IV, usimimine yoyote iliyopo dukani.

Hapohapo ipime kwa mashine. Kumbuka kufungua betri kulifuta pia kodi za makosa, kwa hiyo mashine kutoonesha kitu siku ya kwanza si ushahidi. Pima tena baada ya siku mbili za kutembea. Ikitokea P0717, maana yake sensa ya kasi inayoingia haisomeki, na bila hiyo kompyuta haina cha kupimia muda.

Hatua ya nne: sikiliza kabla haijapona

Hili silioni likifanywa na wengine, nami naliona ndilo faida pekee ya mkasa huu. Kwa miaka kompyuta ilikuwa inafunika uchakavu wa giaboksi kwa kuongeza presha kidogokidogo. Leo pazia limefunguliwa. Endesha safari moja fupi, uandike: gia gani inaruka mizunguko, gia gani inapiga teke, ukiweka R inachukua sekunde ngapi kukamata. Kesho yake pazia litaanza kurudi na hutaliona tena. Kwa Maalim niliandika: moja kwenda mbili, teke, mbili kwenda tatu, inaruka, tatu kwenda nne, nzuri, R, sekunde mbili.

Hatua ya tano: darasa lenyewe

Kila gia inajifunza peke yake, maana kila moja ina klachi yake. Ndiyo sababu mtu anatoka Mkoani hadi Konde, anarudi, anasema nimeendesha kisiwa kizima na bado. Njia nzima alikuwa gia ya nne! Darasa liko kwenye kubadilisha, si kwenye kutembea.

Masharti ni oili moto, barabara tambarare, mguu uliotulia. Kompyuta haiandiki kitu oili ikiwa baridi, wala ukikanyaga na kuachia katikati ya gia. Mlima nao unaiharibia hesabu, kwani nguvu nyingi na kasi ndogo hufanana na klachi inayoteleza, na kompyuta nyingi zikihisi mlima hushikilia gia makusudi. Wenzetu wa Unguja wana raha, wakitoka Tunguu wana tambarare ya kutosha. Sisi Pemba vilima vyetu vinatulazimisha kutafuta: chagua kipande kimoja unachokijua, hata mita mia tano tu, uende baada ya sala ya alfajiri, njia ikiwa tupu.

Kwanza endesha nusu saa oili ipate moto. Simama kabisa. Kanyaga kidogo na uushikilie mguu palepale, mizunguko ikicheza karibu na 2,000, mpaka gari ifike kama kilomita 60 kwa saa na gia ya nne iingie. Usiongeze, usipunguze, hata gia ikipiga teke. Kisha achia, ujongee, breki ya pole mpaka isimame kabisa, ili na gia za kushuka zipate zamu yao. Hesabu tano, anza tena. Mara kumi hadi kumi na tano, halafu iache ipumzike. Siku ya pili rudia, na mara chache mwishoni kanyaga nusu badala ya kidogo, kwa kuwa mguu mwepesi na mguu mzito huandikwa mahali tofauti.

Kwa kukamata D na R: gari moto, breki imekanyagwa, toka N kwenda D, subiri sekunde tano, rudi N, sekunde tano. Mara kumi. Fanya vivyo kwa R.

Katikati ya haya usifungue betri tena eti "tuanze upya". Utafuta kila ulichokipata.

Ilivyokwenda, na mpaka wake

Moja kwenda mbili ilianza kulainika asubuhi ya kwanza, karibu na mara ya nane. Mbili kwenda tatu ilikuwa kaidi: siku ya kwanza mruko ulipungua tu, ukaisha siku ya tatu katika safari zake za kawaida za skuli. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa, kompyuta huongeza kidogo kila mara, hairuki.

Lakini presha inayoruhusiwa kuongezwa ina kikomo. Gia ikiendelea kuruka baada ya wiki ya mazoezi sahihi, au ikipona baridi na kuteleza moto, kompyuta imefika mwisho wa kamba yake, na hapo tatizo ni klachi, mpira au solenoidi.

R ya Maalim haikubadilika. Sekunde mbili siku ya kwanza, sekunde mbili siku ya saba, na ikiwa baridi asubuhi hufika tatu. Nilimuuliza kama zamani ilikuwa hivyo. Akafikiri, akasema mkewe alikuwa akilalamika tangu mwaka jana kwamba gari inachelewa kurudi nyuma, yeye akimwambia anaharakisha. Nadhani ni mipira ya klachi ile iliyokakamaa, presha inavuja kabla sahani hazijashikana, na hilo halifundishiki. Tumekubaliana nitafungua giaboksi skuli zikifungwa. Mpaka siku hiyo, akiweka R anahesabu hadi tatu kabla ya kukanyaga mafuta, ili klachi isikamate huku injini inanguruma.