Kabla ya kung'oa vinyweleo vya miguu, hesabu siku

Mdogo wangu alinipigia Jumatano usiku: "Dada, kichenpati ni Jumamosi, nifanye waksi au sukari?" Nikamuuliza mara ya mwisho kupitisha wembe ni lini. Jumapili. Basi, jibu lilikuwa hakuna. Waksi huhitaji kinyweleo chenye urefu wa karibu milimita 5, kama punje ya mchele; sukari hushika hata cha milimita 3. Ukitoka kwenye wembe, hiyo ni kama wiki mbili au tatu. Akanyoa tena, akavaa gauni lake, tukaanza kujiandaa kwa harusi ya mwezi uliofuata.

Kwa harusi ile alitaka kujaribu sukari nyumbani: vikombe viwili vya sukari, robo kikombe ya maji ya limau, robo ya maji, moto mdogo mpaka rangi ifanane na asali. Sukari hupakwa kinyume na uelekeo wa kinyweleo, huvutwa kuufuata, kwa hiyo vinyweleo vichache hukatika na ngozi huumia kidogo. Shida ni joto la Dar. Chumba kisicho na feni huifanya ilegee mkononi na kung'ang'ania mguuni bila kung'oa kitu. Ifanye asubuhi, na pauda kidogo mguuni ikaushe jasho. Ikikushinda, maji ya vuguvugu yanaitoa.

Waksi ya nyumbani ndiyo naiogopa. Haitoki kwa maji, inataka mafuta, na watu huipasha hadi ikawaunguza. Ijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono. Maumivu mengi hapo hutokana na woga: mtu anavuta polepole, tena akiinua kitambaa juu. Kaza ngozi kwa mkono mmoja, vuta mara moja, kitambaa kikiwa karibu kulala juu ya mguu. Saluni huuma kwa muda mfupi kwa sababu fundi hasiti. Ila mwangalie kijiti anachopakia waksi: akikirudisha kwenye chombo baada ya kukugusa, inuka uondoke.

Ngozi uitengeneze siku moja kabla, kwa dodoki na maji ya vuguvugu, siyo siku yenyewe. Asubuhi ya kazi usipake mafuta. Kama unatumia mkorogo au krimu ya chunusi yenye retinol, acha kabisa kung'oa kwa sasa, kwa njia yoyote ile. Ngozi imekuwa nyembamba na inaweza kutoka pamoja na waksi. Mwenye kisukari au mishipa iliyovimba amuone daktari kwanza.

Kwa njia zote tatu, sukari, waksi ya nyumbani au saluni, vinyweleo hurudi baada ya wiki tatu hadi sita, vingine mapema, kwa kuwa havioti vyote kwa pamoja. Vile vilivyokatika badala ya kung'oka huonekana ndani ya siku chache. Wenye vinyweleo vya kujipinda wategemee vipele vya kinyweleo kilichojizika, na ukikitumbua kitaacha doa jeusi kwa miezi. Mdogo wangu alifanya saluni Alhamisi, akauacha ufukwe wa Koko Bichi hadi Jumapili, ngozi ipumzike na jua na chumvi.