Shelfu ikimwangukia mteja, andika haya kabla hujapanga upya

Wenzangu wa maduka hapa Lindi, shelfu ikimwangukia mteja, mhudumie yeye kwanza, kisha piga picha kabla bidhaa hazijaokotwa. Hesabu zilizoanguka pamoja na zilizobaki juu. Tuseme ni madumu 24 ya mafuta ya kula, lita 5 kila moja. Lita moja ina takribani kilo 0.92, hivyo dumu ni kilo 4.6, na shelfu ilibeba kilo 110 hivi. Kuandika "mzigo ulikuwa mwingi" hakutoshi kabisa.

Andika pia nani aliifunga, lini, na kama iliwahi kuhamishwa. Chunguza skrubu. Iliyochomoka nzima pamoja na plastiki yake inaonyesha ukuta haukuishika. Iliyokatika penye kutu ya zamani ina kisa kingine, na huku pwani kutu haikawii. Zihifadhi, usizitupe.

Kuhusu mteja, andika saa, alipogongwa, maneno yake mwenyewe na nani alimpeleka hospitali. Kama ni kichwani, waambie nduguze kwamba akitapika au akisinzia isivyo kawaida arudishwe mara moja. Mpigie jioni na kesho yake, uandike alivyojibu.