Kuondoa doa la yai na maziwa kwenye nguo bila kulipika

Kanzu nyingi nyeupe zinazoletwa kwangu zina doa la njano begani, na sababu karibu kila mara ni ile ile: mtoto amebebwa, amecheua maziwa, baba akafuta kwa leso akaendelea na safari. Mashati ya wapishi wa chipsi mayai nayo huja na yai kifuani na kwenye mikono. Doa lenyewe huwa si gumu. Linalolifanya gumu ni kile alichofanya mwenye nguo kabla ya kuileta, na mara nyingi ni maji ya moto, ndimu au pasi.

Ute wa yai huanza kuganda maji yakifika nyuzi joto 60 hivi, na kiini hufuata juu kidogo ya hapo. Ukimwagia maji ya birika shati lenye yai bichi, unalipika yai katikati ya nyuzi za kitambaa, na yai likishaiva haliyeyuki tena kwenye maji. Maziwa yana tabia nyingine. Unaweza kuyachemsha na yakabaki maji, isipokuwa ule utandu wa juu. Adui wake wa kwanza ni kitu kichachu: kamulia ndimu kwenye kikombe cha maziwa uone yanavyokatika mabonge. Ndivyo yanavyofanya pia ndani ya kitambaa, kwa hiyo siki na ndimu ziweke mbali na doa la maziwa. Adui wa pili ni pasi. Pasi ya pamba hufika nyuzi 200 hivi, na maziwa yaliyokaukia kwenye nguo yana protini na sukari ambavyo kwa joto hilo huungua na kugeuka njano au kahawia.

Hatua ya kwanza: toa kilicho juu. Tumia ukingo wa kijiko au kisu butu, ukikwangua kutoka pembeni kuja katikati ili doa lisitanuke. Usifute kwa kitambaa, maana ute wa yai huvutika na utausambaza. Kama limeshakauka, likunjekunje taratibu livunjike, kisha pukuta magamba.

Hatua ya pili: maji baridi kutoka nyuma. Geuza nguo ndani nje, shika sehemu ya doa chini ya bomba, maji yapige upande wa nyuma yaisukume taka itoke ilikoingilia. Wenye tangi jeusi juu ya paa wawe makini saa za mchana: maji ya kwanza kutoka kwenye bomba lililopigwa na jua huwa ya moto kweli. Yaache yatiririke kwanza, au chota ya ndoo iliyokaa kivulini.

Hapa tumia vidole. Yai bichi ndani ya maji lina utelezi. Endelea mpaka utelezi uishe na kitambaa kikwaruze kidogo ukikisugua dhidi yake chenyewe. Usipake sabuni kabla ya hapo, kwa sababu sabuni nayo inateleza na hutajua yai limeisha au la.

Hatua ya tatu: kuloweka. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wanapokosa subira. Unahitaji sabuni ya unga yenye vimeng'enya, maana vimeng'enya vya protini huikatakata ile protini vipande vidogo vinavyoondoka na maji. Si kila sabuni ya unga inavyo. Soma nyuma ya pakiti. Majina mengi ya vimeng'enya kwenye orodha ya viambato huishia na herufi *ase*. Sabuni ya mche haina, hata iwe nzuri namna gani.

Kwenye beseni la lita 5 weka vijiko 2 vya chakula vya sabuni hiyo, ukoroge mpaka iyeyuke ndipo utie nguo. Maji yawe ya kawaida au ya uvuguvugu mdogo, mkono ukae ndani bila kusikia joto kali. Vimeng'enya hupenda uvuguvugu, lakini maji ya moto sana huviua, na hapo umepoteza sabuni na umelipika doa kwa pamoja. Doa bichi, nusu saa inatosha. Lililokauka siku kadhaa, loweka usiku kucha na ubadilishe maji yakichafuka. Khanga na vitenge vipya usiviache muda huo wote. Nusu saa, utazame kama vinachuja rangi, kisha urudie kama vimetulia.

Hariri na sufu zisiguse beseni hili kabisa. Nyuzi zake zenyewe ni protini, na vimeng'enya havibagui. Hizo tumia maji baridi na tone la shampuu, ubonyeze bila kusugua.

Hatua ya nne: mafuta. Kiini cha yai na maziwa yasiyopunguzwa mafuta huacha mafuta baada ya protini kuondoka. Utayajua kwa kivuli cheusi kidogo ambacho hakikauki sawa na sehemu nyingine. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sugua kwa vidole, iache dakika 10, kisha fua kama kawaida. Sasa maji ya moto kidogo yanaruhusiwa, kwa sharti moja: loanisha sehemu ile unuse. Ikitoa shombo la yai au harufu ya mtindi, rudi kwenye beseni.

Anika kivulini, na usipige pasi kabla hujaitazama nguo kavu mchana kweupe. Sehemu ikiwa ngumu kama imetiwa wanga, protini bado ipo.

Sasa turudi kwenye kanzu iliyokwisha pigwa pasi. Juzi mteja kaniletea moja ya pamba: "Dobi, nimeifua na maji ya moto, nikaitia na jiki, ndiyo kwanza inazidi njano." Jiki ya klorini haifai hapa, kwani mabaki ya protini hugeuka njano yakikutana nayo. Nilianza kwa kuisuuza mara tatu ili jiki iishe kabisa, kwa sababu haitakiwi ikutane na dawa nyingine. Kisha nikailoweka usiku kucha kwenye maji ya vimeng'enya. Asubuhi begani palikuwa pamelainika, ule ukakamavu umeondoka, ila unjano ulikuwa bado. Mafuta yakatoka kwa sabuni ya vyombo. Rangi iliyobaki nikaipaka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, baada ya kuijaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Dakika 15 kivulini, nikasuuza, nikarudia mara moja tena. Ikabaki alama hafifu sana unayoiona tu ukijua ilikuwa wapi.

Peroksaidi naitumia kwa nguo nyeupe tu, na sirudii zaidi ya mara tatu, kwa kuwa pamba huanza kudhoofika. Doa likiwa limegeuka kahawia kwa pasi na mara tatu zimepita bila mabadiliko, hapo si maziwa tena, ni kitambaa chenyewe kilichoungua, na namwambia mwenye nguo hivyo kabla hajalipa.