Somo: Duara la tano na jinsi ya kulitumia kutafuta kodi za wimbo wa kii ya G

Ukiwa na wimbo wa kii ya G, utajuaje kwamba Em inakubali, A7 inakubali ukiiweka mahali pake, na Ab inashtua? Duara la tano linakuonyesha hilo kwa macho. Tutatumia kii ya G tu mwanzo hadi mwisho, kisha kii nyingine utazifanya kwa njia hiyohiyo.

Hatua ya 1: Chora duara

Chora duara kubwa kiasi cha sahani, uligawe sehemu 12 kama uso wa saa ya ukutani. Juu kabisa, palipoandikwa 12 kwenye saa, weka C. Kisha fuata mshale wa saa: G, D, A, E, B, F#, Db, Ab, Eb, Bb, F, na hapo unarudi C.

Kila hatua ya kwenda kulia ni nusu toni 7. Ukitaka kuhakikisha, weka kidole kwenye C ya kinanda, uhesabu vitufe 7 vinavyofuata, vyeupe na vyeusi, utaangukia G. Wengi huhesabu na kile kitufe walichoanzia, wakaishia F#, na duara lote likaharibika kuanzia hapo. Kwa watu wa kwaya ni rahisi zaidi: hatua moja ni kutoka do kwenda so.

Ndani ya duara, chini ya kila meja, andika maina yake, ambayo iko nusu toni 3 chini. Kuanzia juu: Am, Em, Bm, F#m, C#m, G#m, D#m, Bbm, Fm, Cm, Gm, Dm.

Hatua ya 2: Kata kipande chako

Weka kidole kwenye G. Jirani yake wa kushoto ni C, wa kulia ni D. Chini yao kuna Am, Em na Bm. Hizo sita ndizo kodi za nyumbani, na nyimbo nyingi za G hazitoki nje ya hapo.

Zinakubaliana kwa sababu kii zinazopakana hutofautiana noti moja tu. Kii ya G ina G, A, B, C, D, E na F#. Kii ya D ina hizohizo, ila C imekuwa C#. Kwa solfa, ukienda hatua moja kulia, fa inapanda kuwa fe, na hiyo fe ndiyo ti ya kii mpya. Ukienda kushoto, ti inashuka kuwa ta, nayo inakuwa fa ya kii mpya. Anayeimba kwa solfa na akakutana na fe au ta kwenye karatasi, mara nyingi anatazama mlango wa kwenda kwa jirani.

Hatua ya 3: Jua njia ya mteremko

Kodi hupenda kuteremkia kushoto. D inavutwa na G, kwa sababu F# iliyo ndani ya D iko nusu toni tu chini ya G. Piga Bm, Em, Am, D, G, kila moja mapigo manne. Zile maina tatu zinatembea kushoto kwenye duara la ndani, kisha unaruka nje kwenye D na kuteremkia G. Utasikia kila kodi ikiiita inayofuata. Ukienda kulia, kwa mfano C, G, D, hakuna mvuto huo, unasikia mambo yakifunguka. Ndiyo maana mimi humalizia kiitikio kwa mteremko, na beti naliacha litembee upande wowote.

Hatua ya 4: Fungua mlango wa A7

Tuseme beti lako ni G, Em, C, D. Unataka D isikike kwa nguvu zaidi. Tazama kulia kwa D: kuna A. Haimo kwenye kipande chako, lakini inateremkia D. Ipige kama A7 badala ya C: G, Em, A7, D.

Hapa ndipo nyimbo nyingi huharibika. A7 ina C#, na sauti ya kwanza bado inaimba C ya kawaida. Noti hizo zimeachana nusu toni, zinasuguana. Dalili yake ni waimbaji kuyumba palepale kila mnaporudia, mkadhani ni uzembe wa sauti. Badilisha noti hiyo ya wimbo iwe C#, au E, au A. Kama melodi haiwezi kuguswa, weka Am, ambayo C yake ni ya nyumbani.

Hatua ya 5: Hamia kwa jirani, urudi

Kwa ajili ya briji, sogeza kipande hatua moja kulia. Sasa katikati ni D, na kodi ni G, D, A, Em, Bm na F#m. Nne kati yake ulikuwa nazo tayari, ndiyo maana msikilizaji hashtuki. Jaribu baa nane: Bm, G, D, A, Bm, G, Em, D7. Baada ya hapo, G ya kiitikio.

Hiyo 7 ya mwisho usiiache. D7 ina C ya kawaida, na ndiyo inayolifuta lile C# lililotawala briji. Ukipiga D tupu, sikio litaendelea kuona D ndiyo nyumbani, na kiitikio kitaanza kana kwamba kiko ugenini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu shikamoo. Wimbo wangu ni wa maina, Em. Nitumie kipande kipi?*

Marahaba. Kipande ni kilekile cha G. Tofauti ni kodi ya kurudia nyumbani. Bm haivuti vya kutosha kwenda Em, kwa hiyo igeuze B7. D inapanda kuwa D#, yaani so inakuwa se. Hakikisha tu hakuna sauti inayoimba D ya kawaida kwenye baa hiyo.

*Kaka, napiga F ndani ya wimbo wa G na inanoga, wakati kwenye kipande haipo. Nimekosea?*

Hujakosea. F iko hatua moja nje ya kipande, upande wa kushoto, jirani wa C. Imekuja na ta. Ipeleke C kisha G, ukitembea kulia, itakaa vizuri. Ukiipiga wakati melodi imeshikilia F#, hapo ndipo itauma.

*Kwaya yetu hupandisha kiitikio cha mwisho nusu toni, kutoka G kwenda Ab. Mbona kila mara tunapotea?*

Hesabu kwenye duara: kutoka G kwenda kushoto hadi Ab ni hatua 5. Kii hizo zina noti mbili tu za pamoja, G na C. Waimbaji hawana pa kushika. Mpiga kinanda akae kwenye Eb7 baa nzima kabla ya kuingia Ab, na wote washikilie G. Ilikuwa do, sasa waifikirie kuwa ti, kisha wapande nusu toni. Mkifanyia mazoezi baa hizo mbili peke yake, polepole, bila maneno, mtaona ni sauti ipi hasa inayopotea.